Hati Inayosomwa Siku ya Ugomvi

"Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani kitakuwa huru katika kutekeleza majukumu yake na kitapewa ushirikiano unaostahili." Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, imo katika hati nyingi za ukaguzi wa ndani, za taasisi za umma na za kampuni binafsi. Inasomeka vizuri, na bodi huipitisha bila mjumbe kunyoosha mkono. Kasoro yake ni kwamba haimwagizi mtu yeyote kufanya chochote. Huru dhidi ya nani? Ushirikiano unaostahili ni upi, na nani anayepima kustahili kwake? Mkaguzi akinyimwa leja Jumatatu, sentensi hiyo haimpi pa kushika Jumanne.

Hati ya ukaguzi wa ndani, ambayo baadhi ya ofisi huiita chata, ni karatasi chache ambazo bodi hutumia kumweleza kila mtu katika taasisi mkaguzi wa ndani ni nani, anawajibika kwa nani, anaruhusiwa kuona nini, na akishaona anamwambia nani. Mkaguzi wa nje hana shida kubwa na karatasi ya aina hii. Kwa taasisi za umma za Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana Katiba na sheria nyuma yake, na mshahara wake hautoki kwa anayemkagua. Mkaguzi wa ndani ni mwajiriwa. Likizo yake, gari lake la safari na kiti anachokalia vinatoka kwa watu walewale ambao kesho atawaandikia hoja. Hati ndiyo inayojaribu kumlinda katika hali hiyo, na ikiwa imeandikwa kwa maneno laini, hakuna ulinzi.

Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani, iliyoanzishwa New York mwaka 1941 na ambayo viwango vyake hufuatwa duniani kote, ilitoa viwango vipya Januari 2024, vikaanza kutumika Januari 9, 2025. Viwango hivyo vinataka hati iseme mamlaka ya ukaguzi, nafasi yake katika taasisi na njia zake za kutoa taarifa, upeo wa kazi na aina ya huduma zitakazotolewa. Na vinataka bodi iipitishe. Kwa hiyo taasisi nyingi zimelazimika kuifungua upya hati iliyokuwa imelala kabatini. Fursa hiyo inapotezwa kirahisi sana: unafuta jina la viwango vya zamani, unaandika jina la vipya, unabadili tarehe, na maneno laini yanabaki palepale.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue taasisi ya kubuni: mamlaka ya maji ya mji mmoja wa Tanzania. Ina Bodi ya Wakurugenzi yenye Kamati ya Ukaguzi, ina Mkurugenzi Mtendaji, mameneja wa fedha, ufundi, biashara na ugavi, na kitengo cha ukaguzi wa ndani chenye watu watatu. Hati yake ina kurasa nne, na neno "huru" limo mara nyingi. Mwezi mmoja mkuu wa kitengo anakaa na takwimu za dizeli ya jenereta inayosukuma pampu umeme unapokatika. Kitabu cha kumbukumbu za mtambo kinaonyesha jenereta lilifanya kazi saa 210. Kwa vipimo vya mafundi wenyewe, linakunywa lita 12 kwa saa. Hiyo ni lita 2,520. Hati za malipo zinaonyesha zilinunuliwa lita 3,900, na hakuna salio la maana kwenye tangi. Lita 1,380 hazina maelezo.

Huenda yapo maelezo. Labda kitabu cha mtambo hakijazwi vizuri, labda kuna mtambo mwingine uliochota dizeli hiyo bila kuandikwa. Mkaguzi hajui bado, ndiyo maana anaomba stakabadhi za kituo cha mafuta na kumbukumbu za magari. Sasa tumtazame akitembea na hati ya zamani mkononi. Meneja wa ufundi anajibu kwamba nyaraka zipo kwa mfadhili wa mradi na zitaletwa "mapema iwezekanavyo". Wiki tatu zinapita. Mkaguzi anaandika dokezo kwa Mkurugenzi Mtendaji, anajibiwa kwamba wakati huu ni wa kufunga hesabu za mwaka, kwa hiyo tusubiri. Anaandika rasimu kwa alichonacho. Rasimu inarudi na mapendekezo ya "kuboresha lugha". Baada ya mizunguko miwili, kinachofika kwenye Kamati ni sentensi moja: kuna haja ya kuimarisha utunzaji wa kumbukumbu za matumizi ya mafuta. Lita hazitajwi.

Hapo hakuna aliyevunja hati, na hilo ndilo jambo la kuangaliwa. Hati ilisema mkaguzi atapewa ushirikiano unaostahili, naye alipewa kadiri wenzake walivyoona anastahili. Ilisema taarifa itawasilishwa kwa wakati muafaka, na wakati uliofaa ulikuwa baada ya kufunga hesabu. Ilisema menejimenti itashirikishwa katika kuandaa taarifa, nayo ilishiriki kwa bidii. Kila neno laini lilikuwa mlango, na kila mlango ulipata mtu wa kupita.

Kuandika upya hati ni kuifunga milango hiyo mmoja mmoja, na mahali pa kuanzia ni uhuru.

Neno "huru" lenyewe unaweza kulifuta lote katika rasimu ya kwanza, kisha ukajiuliza: ni mambo gani ambayo mtu mmoja akiyashika mkononi, mkaguzi atamwogopa? Yapo machache na yanajulikana. Nani anamwajiri, nani anampima utendaji mwisho wa mwaka, nani anapanga mshahara na kumpandisha cheo, nani anamwondoa, nani anapitisha mpango wake wa kazi na bajeti yake. Hati yenye uwazi hutaja kila moja na mwenye nalo. Kwa mfano: "Bodi, baada ya kupokea mapendekezo ya Kamati ya Ukaguzi, ndiyo inayomteua, kumpima na kumwondoa Mkuu wa Kitengo. Mkurugenzi Mtendaji anatoa maoni yake kwa maandishi na maoni hayo yanaingizwa kwenye muhtasari wa kikao." Sentensi hiyo haina neno "huru" hata mara moja, lakini imeujenga uhuru.

Wakaguzi wana mtindo wa kugawa uwajibikaji huu sehemu mbili: kikazi kwa bodi au kamati yake, na kiutawala kwa mtendaji mkuu. Kanuni za fedha za umma za Kenya za mwaka 2015 zinasema hivyo waziwazi, kwamba mkuu wa ukaguzi wa ndani anawajibika kiutawala kwa afisa mhasibu na kikazi kwa kamati ya ukaguzi. Mgawanyo huo ni mzuri, ila hati nyingi huuandika na kuishia hapo, kana kwamba kila mtu anajua "kiutawala" ni nini. Kumbe humo ndimo mkaguzi anamoweza kukabwa bila kelele. Anayeidhinisha safari na masurufu anaweza kuuzuia ukaguzi wa kituo cha mbali kwa kutotia saini tu. Kwa hiyo hati iorodheshe mambo ya kiutawala ni yapi, yaani likizo, mahudhurio, vifaa vya ofisi, uidhinishaji wa safari zilizomo kwenye bajeti, na iweke mwisho wake: "Ombi la safari iliyomo kwenye mpango uliopitishwa lisipojibiwa ndani ya siku 3 za kazi, Mkuu wa Kitengo anamwarifu Mwenyekiti wa Kamati kwa maandishi siku ya nne."

Kuondolewa nako kuna sura nyingine ambayo hati za kunakili huisahau. Katika utumishi wa umma mtu hafukuzwi, anahamishwa. Barua inasema ni kwa manufaa ya utumishi, na mkaguzi aliyekuwa katikati ya ukaguzi wa manunuzi anajikuta mkoa mwingine. Hati haiwezi kushinda sheria za utumishi, na ikijaribu kuzishinda itakuwa karatasi ya kuchekwa. Inachoweza kufanya ni kuuweka uhamisho mwangani: "Mkurugenzi Mtendaji anapopendekeza au kupokea taarifa ya uhamisho wa Mkuu wa Kitengo, anaipa Kamati nakala pamoja na sababu ndani ya siku 2 za kazi, naye Mkuu wa Kitengo anaipa Kamati orodha ya kaguzi zilizo wazi kabla ya kukabidhi ofisi." Mwenye mamlaka bado anahamisha, ila ukaguzi hauwezi kuzikwa pamoja na uhamisho.

Kuna upande wa pili wa uhuru ambao wakaguzi wenyewe hawaupendi kuandikwa, maana unawanyima hadhi kidogo. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki mkaguzi wa ndani hupelekewa hati za malipo azipitie na kuzigonga muhuri kabla fedha hazijatoka. Mhasibu anaona usalama, meneja anaona usalama, na mkaguzi anajiona mtu muhimu. Lakini siku akienda kukagua malipo ya mafuta, atakuta muhuri wake kwenye kila hati. Atamuuliza nani? Viwango vinamzuia mkaguzi kutoa uhakikisho juu ya eneo alilokuwa na dhamana nalo katika miezi 12 iliyopita, na mwenye kugonga muhuri kila siku hatoki kamwe katika miezi hiyo 12. Hati iseme bila kuuma maneno: Kitengo hakipitii hati za malipo kabla ya malipo, hakishiki funguo za stoo, hakikai kwenye tathmini ya zabuni, na wakaguzi wake hawakaimu nafasi ya meneja yeyote. Ikitokea bodi ikalazimika kumkaimisha mkaguzi, azimio litaje eneo hilo na tarehe ambayo atarudi kuwa na haki ya kulikagua.

Kisa cha WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, kinaonyesha uhuru wa nusu unavyoonekana. Cynthia Cooper, makamu wa rais wa ukaguzi wa ndani, alikuwa chini ya Scott Sullivan, mkuu wa fedha, ingawa pia alikuwa na njia ya kuifikia kamati ya ukaguzi. Idara yake kwa kiasi kikubwa ilifanya kaguzi za ufanisi wa shughuli, huku hesabu za fedha zikiachiwa mkaguzi wa nje, kampuni ya Arthur Andersen. Mwaka 2002 timu yake ilianza kuchimba maingizo yaliyohamisha gharama za kawaida za kukodi njia za mawasiliano na kuzifanya zionekane rasilimali za kudumu. Sullivan alimwomba aahirishe ukaguzi huo. Cooper hakuahirisha, alikwenda kwa Max Bobbitt, mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi. Juni 25, 2002 kampuni ilitangaza kwamba zaidi ya dola bilioni 3.8 ziliandikwa isivyo halali, na mwezi uliofuata ikaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi.

Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwepo. Mimi naona ndani yake pia mapungufu mawili ya muundo. Mtu aliyepaswa kukaguliwa ndiye aliyekuwa bosi wa mkaguzi, na eneo lenye wizi lilikuwa nje ya kazi ambayo idara yake ilizoea kufanya. Bodi haiwezi kuajiri watu kwa kutegemea kwamba kila mmoja atakuwa Cooper. Inaweza kuandika hati inayomwezesha mkaguzi wa kawaida, mwenye watoto shuleni na mkopo benki, kufanya alichofanya Cooper bila kuhitaji ushujaa.

Hapo tunaingia kwenye upeo wa kazi. "Kitengo kitakagua shughuli zote za taasisi kadiri itakavyohitajika" ni sentensi pana inayofungwa na maneno yake mawili ya mwisho. Nani anahitaji? Afadhali hati iseme "zote", kisha itaje kwa jina yale ambayo watu watadai hayamo: ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji, posho na safari za Bodi, miradi ya wafadhili, mifumo ya kompyuta ya ankara na ya uhasibu, na kazi zilizopewa wakandarasi. Orodha hiyo ianzwe na "ikiwa ni pamoja na", mtu asije akasema kisichotajwa kimeachwa nje. Na kama kuna kitu bodi kweli haitaki kikaguliwe na kitengo, kiandikwe wazi kwamba kimeachwa na kwa sababu gani. Kutengwa kunakoonekana kuna afya kuliko kutengwa kwa mazoea.

Upeo bila ufikiaji ni bure. Maneno "bila kizuizi chochote" hupendwa sana, na hayatekelezeki kwa sababu hayasemi mtu afanyeje. Kwa mamlaka yetu ya maji, rasimu mpya inaweza kusoma: "Meneja wa Tehama anawapa wakaguzi wote akaunti za kusoma tu katika mfumo wa ankara na mfumo wa uhasibu, na haziondoi bila idhini ya maandishi ya Mwenyekiti wa Kamati. Meneja yeyote anayeombwa nyaraka anazitoa ndani ya siku 3 za kazi. Asiyeweza anaandika sababu na tarehe atakayozitoa. Zisipotolewa hadi siku ya tano, Mkuu wa Kitengo anaripoti jina la nyaraka na la meneja kwa Mwenyekiti wa Kamati, nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji." Akaunti ya kusoma tu inastahili sentensi yake yenyewe. Mkaguzi anayesubiri kuchapishiwa ripoti na meneja wa fedha anakagua kile ambacho meneja wa fedha amechagua kuchapisha.

Hapa kuna mpaka ambao waandishi wa hati huuruka. Hati inawafunga watu wa taasisi, haimfungi mtu wa nje. Kituo cha mafuta kinachoiuzia mamlaka dizeli hakikupitisha hati hiyo, na kikimnyima mkaguzi nakala za stakabadhi hakijakosa. Haki hiyo lazima iwe ndani ya mkataba wa mzabuni. Hati inachoweza kufanya ni kumwagiza meneja wa ugavi aweke kifungu cha haki ya kukagua katika kila mkataba unaozidi kiwango fulani cha fedha, na kiwango hicho kitajwe kwa tarakimu.

Utoaji wa taarifa ndio sehemu iliyo na maneno laini mengi kuliko zote, na nyingi huja katika umbo la kutendwa: taarifa itaandaliwa, itawasilishwa, itafanyiwa kazi. Kiswahili cha ofisini kinapenda umbo hili kwa adabu yake, ila humficha mtendaji kabisa. Ukishika kalamu nyekundu, zungushia duara kila kitenzi cha namna hiyo katika sehemu ya taarifa, kisha andika pembeni jina la cheo. Usipoweza kuandika cheo kimoja tu, umekuta mlango.

Kwa mamlaka ya maji, mtiririko unaweza kuwa hivi. Mkuu wa Kitengo anampa meneja husika rasimu. Meneja ana siku 10 za kazi kuandika majibu: anakubali au hakubali, kwa nini, atarekebisha nini na lini. Siku ya kumi na moja taarifa inatoka, ikiwa na majibu yake neno kwa neno kama aliyaandika, au ikiwa na sentensi kwamba hakujibu. Mkurugenzi Mtendaji na wajumbe wa Kamati wanaipata siku hiyohiyo. Menejimenti inaweza kusahihisha ukweli, kwa mfano kuonyesha kwamba lita 400 zilikwenda kwenye mtambo mwingine na hati ya stoo hii hapa. Haiwezi kusahihisha hitimisho. Ikiwa haikubaliani nalo, mahali pake ni kwenye majibu, ambako Kamati itasoma pande zote mbili.

Kifungu cha udanganyifu kinahitaji uangalifu wake. Hati nyingi husema mkaguzi akihisi udanganyifu "atatoa taarifa kwa mamlaka husika". Siku mhusika mwenyewe ni sehemu ya mamlaka hiyo, kifungu kimekufa. Iandikwe ngazi kwa ngazi. Ndani ya siku 1 ya kazi mkaguzi anamwarifu Mwenyekiti wa Kamati na Mkurugenzi Mtendaji. Ikiwa dalili zinamgusa Mkurugenzi Mtendaji, yeye haarifiwi. Mwenyekiti wa Kamati anampelekea Mwenyekiti wa Bodi. Zikimgusa Mwenyekiti wa Kamati, taarifa inakwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wa Bodi. Na atajwe mwenye wajibu wa kuamua kupeleka suala TAKUKURU, pamoja na muda wake, ili mkaguzi asiachwe na faili mezani akingojea mtu asiyejulikana.

Menejimenti nayo ina haki ya kusema: tumeona hatari hii, na hatutaitibu kwa sababu tiba ni ghali kuliko ugonjwa. Hilo si kosa. Kosa ni kulisema kimya. Hati iseme nani anaweza kuikubali hatari ya kiwango gani, atie saini wapi, na kwamba mkaguzi asiyeridhika analipeleka Bodi. Halafu kuna hoja za zamani. Kila robo mwaka Kitengo kiwape Kamati orodha ya hoja ambazo tarehe ya kurekebishwa imepita, na siku zilizopita tangu hapo. Hoja ifungwe na mkaguzi baada ya kuona ushahidi, isifungwe na meneja kwa kuandika "imetekelezwa". Kamati ikutane na Mkuu wa Kitengo peke yake, bila menejimenti kuwemo chumbani, angalau mara mbili kwa mwaka. Tena iandikwe kwamba ni ajenda ya kudumu, maana ikiachwa iwe ya kuombwa, siku mkaguzi anapoiomba kila mtu atajua ana la kusema.

Turudi kwenye lita 1,380 zikiwa na hati mpya. Mkaguzi anaomba nyaraka Jumatatu. Jumatatu inayofuata, siku ya tano ya kazi tangu ombi, hazijaja. Jina la nyaraka na la meneja liko kwa Mwenyekiti wa Kamati. Kufunga hesabu za mwaka si sababu, kwa kuwa hati haikuitaja kuwa sababu. Jumatano stakabadhi zinafika na zinaonyesha lita 500 ziliwekwa kwenye magari mawili. Zimebaki 880. Rasimu inatoka, siku 10 zinapita, majibu ni ya mstari mmoja. Kamati inasoma tarakimu na mstari huo pamoja. Bado hatujui dizeli ilikwenda wapi, na hati haiwezi kuirudisha. Lakini swali limefika kwa watu wenye uwezo wa kuliuliza kwa nguvu, likiwa na namba yake.

Kazi hii yote inaweza kubomolewa na karatasi nyingine, na hapa ndipo nimeona juhudi nzuri nyingi zikifia. Kanuni za fedha za taasisi bado zinasema kila hati ya malipo itapitiwa na mkaguzi wa ndani. Maelezo ya kazi ya mkaguzi yanasema anawajibika kwa Mkurugenzi Mtendaji, basi. Hadidu za rejea za Kamati hazitaji kabisa uteuzi wa mkaguzi. Hati ikigongana na kitabu kinachotumika kila siku, kitabu cha kila siku kinashinda. Kabla bodi haijapitisha hati mpya, mtu mmoja apewe kazi ya kuzisoma nyaraka hizo tatu kando ya rasimu na kuleta orodha ya vifungu vinavyopingana, navyo virekebishwe katika kikao hichohicho kwa azimio moja.

Nani aandike rasimu? Mkuu wa ukaguzi, kwa sababu ndiye anayejua milango ilipo, kisha ajadiliane na Kamati na Mkurugenzi Mtendaji kabla haijapelekwa kwenye bodi. Mazungumzo na mtendaji mkuu yasikwepwe. Tarehe alizozikubali mwenyewe akiwa ametulia ni ngumu kuzikana akiwa amekasirika. Na jaribio bora kuliko mwanasheria ni hili: mpe rasimu karani asiyehusika, mwambie nyaraka zimenyimwa na leo ni siku ya tano, umuulize nani anafanya nini. Akikujibu kwa cheo na kitendo, kifungu kimeiva. Akianza na "inategemea", rudi mezani.

Kuna kitu hati haitaweza kukiziba kwa maneno: Kamati ambayo haifikishi akidi, au mwenyekiti ambaye hapokei simu. Tarehe zote zinaishia mlangoni pake. Ndiyo maana wajumbe wa bodi ndio hasa ninaowaandikia. Kama wewe ni mmoja wao, iombe hati ya ukaguzi wa ndani ya taasisi yako wiki hii. Tafuta inasema nini siku mkaguzi akinyimwa nyaraka na siku akihamishwa. Ukikuta neno "ipasavyo" mahali palipostahili cheo na idadi ya siku, liingize kwenye ajenda ya kikao kijacho, wakati bado hakuna faili la mtu yeyote mezani.